Gari la shule "limesogezwa mbele kwa dakika 25": wewe ungeelewa mapema au kuchelewa?

#1 MamaWawili_Buhongwa
Habari za jioni ndugu zangu. Ninaomba mnisaidie kusoma ujumbe mmoja, kwa sababu umegawa wazazi wa mtaa wetu makundi mawili na kila kundi lina uhakika na lake. Jumamosi tarehe 11 Julai, jioni, shule anakosoma mwanangu wa darasa la pili ilitutumia maneno haya, nami nayanakili kama yalivyo:

"Mzazi/Mlezi, tunapenda kukujulisha kuwa kuanzia wiki ijayo muda wa gari la shule kuchukua wanafunzi wa njia ya Nyang’homango, Usagara na Buhongwa umesogezwa mbele kwa dakika 25. Tafadhali zingatia. Uongozi."

Gari lilikuwa likifika kituoni kwetu Buhongwa saa 12:20 asubuhi. Mimi nilielewa kwamba sasa litafika saa 12:45, nikashukuru kwamba mtoto atalala kidogo zaidi. Jumatatu tulitoka nyumbani bila haraka, mtoto akiwa bado na kipande cha andazi mkononi, tukafika kituoni saa 12:40. Mama anayechoma chapati pale pembeni akaniambia kwamba gari lilipita kabla hata hajawasha jiko lake. Lilikuwa limefika saa 11:55. Nililazimika kumpeleka mwenyewe kwa bajaji hadi mjini, na mtoto alilia njia nzima akidhani ni yeye aliyechelewa.

Nilipokwenda ofisini niliambiwa kwamba ujumbe ulikuwa wazi na wazazi wengine walifika kwa wakati. Je, ulikuwa wazi?

#2 Kipimo_Nyegezi
Pole sana dada. Haukuwa wazi, ulikuwa na kosa. Kikao kikisogezwa mbele maana yake kimeahirishwa, na mechi ikisogezwa mbele wiki moja hakuna anayekwenda uwanjani wiki hii. Ulielewa sawasawa, shule ndiyo iliyoandika kinyume cha ilichokusudia.

#3 DerevaMstaafu_Mkolani
Ninaheshimu maelezo ya #2, lakini nimeendesha magari ya wanafunzi kwa miaka tisa na kwenye kazi yetu maneno hayo yana maana nyingine. Tukisema "leo tumesogea mbele" tuna maana kwamba tuko mbele ya ratiba, yaani tumewahi, na tukiwa "nyuma" tumechelewa. Mtu aliyeandika ujumbe huo huenda aliupata mdomoni mwa dereva au msimamizi wa magari, akauandika kama alivyousikia. Kwake haukuwa na shaka yoyote.

#4 Mwalimu_wa_Lugha
Nadhani #2 na #3 wote wana haki, na tatizo limekaa hapo hapo. Neno "mbele" katika muda hutazamwa kutoka pande mbili. Ukijiona wewe unatembea kuelekea kesho, basi kesho iko mbele yako, na kitu kikisukumwa mbele kinakwenda mbali zaidi nawe, yaani kinachelewa. Ukiziona saa zimejipanga kama watu kwenye foleni, aliye mbele ndiye anayetangulia kuhudumiwa, kwa hiyo kilichosogezwa mbele kinawahi. Lugha yetu hutumia picha zote mbili kila siku, na ndiyo maana mimi huwazuia wanafunzi wangu kuandika "mbele" au "nyuma" katika tangazo lolote lenye saa. Yapo maneno yasiyogeuka: "mapema zaidi" na "kuchelewa zaidi".

Hata hivyo ninakubali kwamba matumizi ya kuahirisha ndiyo yaliyozoeleka zaidi katika maandishi. Mzazi asiyeijua lugha ya madereva angeelekea huko.

#5 Baba_Pasiansi
Mimi naona mnaacha jambo kubwa. Shule hizi zinapandisha nauli ya gari kila muhula na hakuna anayehoji. Kwa nini tunazungumzia dakika 25 wakati ada ya gari ndiyo inayotuumiza?

#6 MamaWawili_Buhongwa
Asante #4. Ndugu #5, nauli nayo ni mzigo kweli, lakini ungeanzisha uzi wake na ningekuja kuchangia. Hapa nataka kujua jinsi ujumbe wa sentensi moja ulivyoweza kutupoteza. Wazazi wa mtaani kwangu tuliozungumza ni tisa. Wanne walielewa mapema, watatu tulielewa kuchelewa, na wawili walifika kwa saa ya zamani kana kwamba hakukuwa na mabadiliko yoyote. Hao wawili ndio wanaonishangaza zaidi.

#7 Kasenyi
Hao wawili nawaelewa kabisa. Ujumbe ulikuja Jumamosi ukasema "wiki ijayo". Hesabuni majina ya siku zetu: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Kwa hesabu hiyo Jumamosi wiki ilikuwa tayari imeanza, na "wiki ijayo" ikawa ile ya tarehe 20. Marehemu babu yangu alihesabu hivyo hadi anafariki.

#8 Kipimo_Nyegezi
Babu yako namheshimu, Kasenyi, lakini leo hii ni mzazi gani anayehesabu wiki kuanzia Jumamosi? Ofisi, shule na mabenki yote yanaanza Jumatatu.

#9 Kasenyi
Si lazima uhesabu kwa majina ndugu yangu, inatosha kusita. Mwenye Jumapili kama siku ya kwanza akiusoma ujumbe siku hiyo, naye atauliza kama Jumatatu ya kesho ni ya wiki hii au ijayo. Mwandishi alikuwa na tarehe kichwani, akatuandikia fumbo. Angeandika "Jumatatu tarehe 13 Julai" asingeacha nafasi ya kusita.

#10 FundiSimu_Mabatini
Habari. Mimi ninafanya kazi ya simu na nina maelezo mengine kuhusu hao wawili. Ujumbe wa simu ya kawaida ukizidi herufi 160 hukatwa, na kinachozidi hupotea. Ujumbe huo ni mrefu, kwa hiyo kuna uwezekano kwamba hawakupata sehemu yenye dakika 25. Waambie waonyeshe simu zao.

#11 Mtumaji_Ujumbe
Ninaomba kurekebisha kidogo maelezo ya #10, kwa sababu kutuma ujumbe wa jumla kwa niaba ya taasisi ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kinachozidi hakipotei. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo, na ukizidi hapo mfumo huugawa vipande vya herufi 153, kwa kuwa herufi saba zilizobaki katika kila kipande hutumika kuieleza simu kipande kipi kinafuata kipi. Simu huviunganisha na msomaji haoni mshono.

Nimeuhesabu ujumbe aliounakili #1. Una herufi 206, kwa hiyo ulipaswa kuwa na vipande viwili tu. Lakini itazameni ritifaa katika jina Nyang’homango. Imepinda, kama ile inayowekwa na programu ya kuandikia kwenye kompyuta. Ritifaa iliyonyooka, hii ', imo katika orodha ya kawaida ya herufi za simu, ila iliyopinda haimo. Ikiwemo hata moja, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo, na kipande kimoja hakibebi tena zaidi ya herufi 67. Vipande viwili vikawa vinne, na kwa kuwa shule hulipia kila kipande, imelipa mara mbili ya kilichohitajika kwa kila mzazi.

Kwa hesabu yangu vilikatika hivi:

"Mzazi/Mlezi, tunapenda kukujulisha kuwa kuanzia wiki ijayo muda wa"
"gari la shule kuchukua wanafunzi wa njia ya Nyang’homango, Usagara"
"na Buhongwa umesogezwa mbele kwa dakika 25. Tafadhali zingatia. Uon"
"gozi."

Kipande kimoja kikichelewa mtandaoni, simu nyingine husubiri bila kuonyesha chochote, na baadhi ya simu ndogo za zamani huonyesha kila kipande peke yake kwa jinsi kinavyofika. Aliyeona vipande viwili vya kwanza tu alijua kwamba kuna jambo kuhusu gari la Usagara. Kuhusu Buhongwa au dakika 25 hakuwa na habari.

#12 FundiSimu_Mabatini
Ninashukuru kwa marekebisho. Suala la ritifaa sikulijua, ingawa nimeona mara nyingi ujumbe wa kikundi cha kuweka na kukopa ukifika umekatika katikati ya neno. Bado nasisitiza kwamba simu zao zikaguliwe kwanza.

#13 MamaWawili_Buhongwa
Nimempigia simu mmoja wao sasa hivi, na anatumia simu ndogo ya vitufe. Anasema alipata ujumbe unaoishia kwenye "Usagara", akaona haumhusu kwa sababu yeye anakaa Buhongwa. Vipande vilivyobaki viliingia usiku na hakuvifungua. Mwingine bado simpati.

#14 Mvuvi_wa_Ukara
Huyo mwingine huenda yuko kama mimi. Namba iliyoandikwa kwenye fomu ya shule ya mwanangu ni yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kumwandikisha. Lakini kazi yangu iko kisiwani, na nikiingia ziwani usiku simu huizima ili isilowe na ili chaji isiishe. Ujumbe kama huo unaweza kunisubiri mtandaoni hadi nitakapowasha simu, pengine kesho yake mchana. Wakati huo mama wa mtoto yuko Mkuyuni, ndiye anayemwamsha, na hana habari yoyote. Mwaka jana nilipata taarifa ya kubadilishwa kwa kituo mtoto akiwa ameshasimama kituo cha zamani siku mbili mfululizo. Tangu hapo nimeomba namba mbili ziandikwe, ya kwangu na ya mama yake, na ninawashauri wenzangu wenye kazi za mbali wafanye hivyo.

#15 Karani_wa_Shule
Mimi ni karani katika shule nyingine ya hapa Mwanza, si hiyo inayozungumzwa, lakini nimejitambua katika maelezo ya #11 na imeniuma. Nasi huandika kwenye kompyuta, mkuu wa shule hupitia, kisha tunanakili na kubandika kwenye mfumo wa kutumia ujumbe. Ritifaa hujipinda yenyewe nasi hatuoni. Kutoka kesho nitaliandika jina lenye ritifaa moja kwa moja ndani ya mfumo.

Naomba pia mtuelewe upande wetu. Njia moja ya gari ina vituo vingi, na kila kituo kina saa yake. Tukitaja saa za vituo vyote ujumbe unakuwa mrefu kama barua, kwa hiyo tunatafuta sentensi moja inayomfaa kila mtu. "Dakika 25" inawafaa wote, wa Usagara na wa Buhongwa. Nadhani mwenzangu aliwaza hivyo.

#16 DerevaMstaafu_Mkolani
Karani, hapo ndipo mimi nina shaka kubwa kuliko hata hilo neno "mbele". Dakika 25 haziwezi kuwa sawa kwa vituo vyote. Ukiondoka mapema hivyo kutoka Nyang'homango, barabara kule ni tupu na utatembea vizuri, na ukifika Nyegezi au Mkuyuni utakuwa umeiwahi foleni ya asubuhi. Kwa hiyo gari linaweza kuwahi kwa dakika 25 mwanzo wa njia, na kwa dakika 35 au hata 40 karibu na mjini. Mzazi wa Butimba aliyepunguza 25 tu kwenye saa yake ya zamani ataukuta moshi. Kabla ya kubadilisha saa, mimi nilikuwa naipita njia nzima alfajiri bila wanafunzi, nikiwa na daftari, nasimama kila kituo dakika moja kana kwamba nampakia mtoto, kisha naandika saa ya kweli. Siku mbili zinatosha, na karani anakuwa na saa ya kila kituo mkononi.

#17 Kipimo_Nyegezi
Kwa hiyo Karani, mfumo wenu hauwezi kuwagawa wazazi kwa vituo?

#18 Karani_wa_Shule
Unaweza. Kila mwanafunzi ameandikiwa kituo chake kwenye orodha ya gari. Ni kazi ya kutengeneza makundi mara moja, na nakiri kwamba hatujawahi kuifanya.

#19 Binti_wa_Isamilo
Samahani, mimi sina mtoto wa shule, ila kuna jambo linanitia wasiwasi. Saa 11:55 ni saa ya kumtoa mtoto wa darasa la pili nje? Mimi nimekulia Dar es Salaam na saa 12 kule kunakuwa kumeanza kupambazuka. Je, hapa si hivyo?

#20 Mwalimu_wa_Jiografia
Si hivyo kabisa, dada. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua hutufikia baadaye. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 39 mashariki na Mwanza karibu nyuzi 33, na dunia hutumia dakika nne kuzunguka uzi mmoja. Kwa longitudo peke yake tuko nyuma kwa takribani dakika 25, ingawa mwezi wa Julai tofauti hupungua kwa sababu Dar es Salaam iko kusini zaidi na asubuhi zake za msimu huu huchelewa kidogo. Hapa kwetu sasa hivi jua huchomoza zinapokaribia saa 12:55, hivyo mtoto anayesimama Buhongwa saa 11:55 amelitangulia jua kwa saa nzima. Giza ni la kweli.

Naongeza jambo linalohusu ujumbe wenyewe. Gari lilipokuwa likija saa 12:20 mwanga ulikuwa unakaribia, na mtoto mkubwa aliweza kwenda kituoni na wenzake. Saa 11:55 ni lazima mtu mzima amsindikize, tena na tochi. Mzazi anapaswa kuambiwa hilo mapema, si Jumamosi jioni kwa ajili ya Jumatatu.

#21 Baba_Pasiansi
Hapo kwenye giza nimeelewa uzito wake. Samahani kwa kuingiza nauli.

#22 Bibi_Mkuyuni
Wanangu, mimi ndiye ninayempeleka mjukuu kituoni, na herufi ndogo za simu sizioni. Ujumbe huja kwa mwanangu, naye hunipigia. Mara moja alinisomea kwenye simu "sita na nusu", kwa kuwa shule iliandika 6:30, nami nikamwuliza kama mtoto anaanza kwenda shule saa sita na nusu mchana. Tulicheka, lakini siku hiyo mtoto nusura abaki. Ninaomba waandike saa yetu, ile tunayoitamka.

#23 Mtumaji_Ujumbe
Shikamoo bibi. Umetaja jambo nililotaka kulifikia. Wazazi wengi wanasema saa 11:55, huku uso wa simu unasema 05:55. Ujumbe ukitaja moja tu, kuna atakayekosea kuweka kengele ya kuamkia. Ninajaribu kuandika ujumbe wa kituo kimoja, nikizingatia hoja zilizotolewa:

"Kuanzia Jumatatu 13 Julai gari litafika Buhongwa MAPEMA zaidi: saa 11:55 alfajiri (kwenye simu 05:55), si saa 12:20 tena. Ukichelewa piga 07XXXXXXXX."

Una herufi 149, umo ndani ya kipande kimoja. Salamu nimeziacha kwa makusudi na saa ya zamani nimeitaja ili mzazi ajihakikishie mwenyewe. Namba ni ya mhudumu wa gari, kwa sababu ujumbe wa jumla ukija kwa jina la shule badala ya namba, mzazi akijaribu kujibu haufiki popote.

#24 Mwalimu_wa_Lugha
Ni mzuri. Ningependa useme "la shule" baada ya "gari", ili mzazi asiyeangalia jina la mtumaji asidhani ni gari la takataka, ambalo nalo hutangaziwa saa zake mitaani.

#25 Mtumaji_Ujumbe
Nimeongeza, zimekuwa herufi 158. Zimebaki mbili.

#26 Kasenyi
Basi "Shikamoo" haiingii tena.

#27 Karani_wa_Shule
Ninaomba ruhusa ya kuutumia muundo huo. Swali langu moja ni kuhusu wakati wa kuutuma. Tukiutuma siku saba kabla wazazi husahau, na tukiutuma siku mbili kabla tunalaumiwa kama hivi. Je, tutume mara mbili na kulipa mara mbili?

#28 DerevaMstaafu_Mkolani
Tumeni mara mbili. Fedha mliyopoteza kwa ritifaa ingelipia ujumbe wa pili.

#29 Kipimo_Nyegezi
Mimi sikubaliani. Ujumbe wa pili huzaa maswali mapya, mzazi huuliza kama saa imebadilika tena. Afadhali mhudumu awape wanafunzi karatasi ndogo siku ya Alhamisi, ibandikwe mlangoni nyumbani.

#30 Mvuvi_wa_Ukara
Karatasi ya mwanangu wa darasa la kwanza huwa naikuta chini ya begi baada ya mwezi, imelowa chai. Namba mbili ndizo zilizonisaidia.

#31 MamaWawili_Buhongwa
Ninawashukuru nyote. Leo nimerudi ofisini na nimewasomea hesabu ya vipande vinne. Mhasibu ndiye aliyesikiliza kwa makini zaidi, akaomba nimwandikie. Mkuu wa shule bado anashikilia kwamba "mbele" ni mapema, na makamu wake aliyeketi pembeni akasema yeye angeelewa kuchelewa. Wameahidi kutuma saa ya kila kituo ifikapo Ijumaa.

Mzazi wa pili nimempata. Ujumbe ulimfikia mzima, kwa wakati, na aliuelewa kuwa ni mapema. Anasema alikwenda saa 12:20 kwa sababu gari halijawahi hata siku moja kufika kwa saa iliyoandikwa, hivyo hakuona sababu ya kuamini kwamba safari hii litafika.

#32 DerevaMstaafu_Mkolani
Huyo wa pili, mwulizeni gari lilikuwa likifika saa ngapi hasa wiki zilizopita. Kama lilikuwa linafika saa 12:35 kila siku, basi kwake mabadiliko hayakuwa ya dakika 25, yalikuwa ya 40.